Pakawa: silabi moja inayoibeba hadithi

(Maneno haya niliyasema mbele ya walimu wa Kiswahili na wasimulizi wa hadithi za watoto waliokutana Dodoma mjini. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka, nikipunguza tu pale niliporudia.)

Walimu wenzangu, wakubwa wangu shikamooni, na wengine habari za asubuhi. Paukwa!

(Ukumbi ukaitika: Pakawa!)

Asanteni. Sasa litazameni neno mlilonijibu. Pa- ni mahali. Mwishoni kuna -wa, kitenzi cha kuwa. Katikati imekaa -ka-. Pa-ka-wa. Hadithi yenyewe haijaanza, hakuna aliyetajwa wala siku iliyotajwa, nanyi tayari mmeshaingia kwenye mfululizo. Tumezoea kwamba kitenzi chenye -ka- hukaa nyuma ya kitenzi kingine. Hapa kimesimama mbele peke yake, kana kwamba jambo lilikuwa linasimuliwa tangu zamani nasi tumelidandia njiani. Kwa nusu saa niliyopewa naomba tuishughulikie silabi hiyo moja tu.

Nianze na kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kijiji kimoja wilayani Chamwino kurekodi hadithi kwa bibi mmoja. Ni Mgogo, Kiswahili alijifunza akiwa msichana mkubwa, na hadithi huwasimulia kwa Kiswahili wajukuu zake waliokulia mjini wanapokuja likizo. Alikuwa nje akipepeta uwele. Nikamwamkia, nikaketi, nikawasha simu, naye akasimulia huku ungo ukienda mikononi mwake. Ni hadithi ambayo wengi wenu mmeisikia kwa namna moja au nyingine: wanyama wanachimba kisima wakati wa ukame, Sungura anakataa kuchimba, halafu anakuja usiku kuiba maji.

Nilirudi nyumbani, nikaiandika, kisha nikaisafisha. Nilifundishwa shuleni kwamba insha yenye "aka, aka, aka" ni insha ya mtoto, basi nikaziondoa. Penye -ka- nikaweka -li-, nikaunganisha kwa "na", kwa "kisha", kwa "baada ya hapo". Niliona nimeipa heshima. Nikarudi kijijini nikamsomea. Alisikiliza kwa adabu, mikono imetulia juu ya ungo, halafu akaniambia: "Mjukuu wangu, mbona unasimama simama? Hadithi inakwenda, wewe unasimama."

Sikumwelewa siku ile. Nilimwelewa baadaye, nilipoweka maandishi mawili pamoja. Hiki ndicho kipande cha kwanza kama kilivyo kwenye rekodi:

"Basi jua likakausha kila kitu. Wanyama wakakutana chini ya mbuyu, wakashauriana, wakakubaliana wachimbe kisima. Sungura alikataa. Alisema yeye umande unamtosha. Wenzake wakachimba, wakachimba, wakachimba, hata maji yakatoka. Wakanywa, wakashukuru, wakamweka Fisi alinde. Usiku ukaingia. Sungura akaja na kibuyu cha asali. Akamwonjesha Fisi. Fisi akalamba, akataka tena. Sungura akamwambia, asali hii hailiwi mpaka mtu afungwe mikono. Fisi akakubali, akafungwa. Sungura akashuka, akanywa, akaoga, akayatibua maji, akaenda zake."

Na hiki ndicho nilichomsomea mimi, mwanzo wake tu:

"Jua lilikausha kila kitu. Wanyama walikutana chini ya mbuyu. Walishauriana na walikubaliana wachimbe kisima. Sungura alikataa na alisema kwamba umande unamtosha. Wenzake walichimba kwa muda mrefu na hatimaye maji yalitoka."

Hakuna kosa la sarufi hapo. Mtahini angekipa alama zake. Lakini jaribuni kukisoma kwa sauti, mtasikia anachokisema bibi. Sauti inashuka kila nukta, inapanda upya, inashuka tena.

Chanzo chake ni hiki. -li- ina wakati wake yenyewe. Ukisema "walikutana", umemchukua msikilizaji hapa alipo leo ukampeleka nyuma. Ukisema tena "walishauriana", umempeleka nyuma upya, kwa safari nyingine. Kila -li- ni kigingi kinachopigiliwa ardhini. -ka- haina wakati wake. Ni kamba inayofungwa kwenye kigingi kilichokwishapigiliwa, na wakati wake ni ule wa kigingi. Kama mna shaka, badilisheni kigingi muone. "Jana alikwenda kisimani akamkuta Kobe": hapo kumkuta ni jana. "Kesho ukienda kisimani ukamkuta Kobe, msalimie": hapo kumkuta ni kesho, na huenda kusitokee kabisa. "Kila jioni hufika kisimani akamkuta Kobe": hapo ni kila siku. Silabi ni ileile, nyakati ni tatu. Ndiyo sababu watoto wetu wakifundishwa kwamba -ka- ni "wakati uliopita" wanachanganyikiwa wanapokutana na "ukienda ukamkuta". Nadhani tungewaambia tu kwamba -ka- maana yake ni "hapo ndipo".

"Hapo ndipo" hiyo ina upande mmoja tu, mbele. Hili ningependa tulitazame kwa karibu, maana ndilo linaloifanya hadithi iende. Sikilizeni sentensi mbili hizi: "Sungura alivunjika mguu. Alianguka." Nini kilitangulia? Wengi mtasema alianguka kwanza. Sentensi ya pili inaeleza sababu ya ile ya kwanza. Tumerudi nyuma kidogo, na -li- imeturuhusu. Sasa sikilizeni: "Sungura alivunjika mguu akaanguka." Hapo hakuna ruhusa. Mguu ulivunjika akiwa amesimama, na kwa ajili hiyo akaenda chini. Maneno ni yaleyale kwa mpangilio uleule, tofauti ni kiambishi kimoja, na tukio limekuwa jingine.

Msikilizaji wa hadithi zenye -ka- analijua hilo bila kuambiwa na mtu. Anajua kwamba kila akisikia -ka-, saa ya hadithi imesogea hatua moja mbele, na mara nyingi hatua hiyo imezaliwa na ile iliyopita. Kwa hiyo haulizi "halafu?" wala "kwa nini?". "Fisi akakubali, akafungwa." Bibi hakusema "kwa sababu alikubali, Sungura alimfunga". Kukubali kumekwisha kuzaa kufungwa. Ndiyo maana nilipoiondoa -ka- nililazimika kuleta "na", "kisha", "hatimaye", "baada ya hapo". Yale maneno niliyoyadhani ni pambo la usomi yalikuwa viraka vya kuziba tundu nililotoboa mwenyewe.

Sasa tuje kwenye sauti, maana hadithi ni kitu cha masikio kabla ya kuwa cha macho.

Mnajua mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mnajua pia kwamba vitenzi vyetu vya silabi moja, kula, kuja, kunywa, kufa, huing'ang'ania ku- yao vikiwa na -li-: alikula, alikuja, alikunywa. Sababu ni kwamba -li- haiwezi kubeba mkazo, inahitaji ku- imbebee. Vivyo hivyo -na-, -me- na -ta-: anakula, amekula, atakula. Lakini -ka- inaweza kubeba mkazo yenyewe, kwa hiyo ku- inaanguka. Tunasema akala, akaja, akanywa, akafa. Zitamkeni polepole: a-KA-la. A-KA-ja. A-KA-fa. Silabi ya mfululizo yenyewe ndiyo inayopigwa. Katika kipande cha bibi, Sungura anapotokea gizani kwa mara ya kwanza, kitenzi ni "akaja", silabi tatu, pigo katikati. Mimi nilikuwa nimeandika "alikuja": silabi nne, na pigo limeangukia ku-, ambayo katika hadithi haina kazi yoyote.

Hata kwenye vitenzi virefu, msimulizi hapendi nafasi kati ya -ka- na irabu inayoifuata. Wazee wa pwani waliandika "akenda" mahali ambapo sisi tunaandika "akaenda", na ukiisikiliza rekodi yangu, hata bibi wa Chamwino ambaye hakukulia pwani husema "akenda zake". Na "nikaenda" katika mazungumzo yetu ya kila siku inakuwa "nkaenda". Tukiandika, tuandike kwa tahajia sanifu. Lakini tukisoma kwa sauti mbele ya watoto, tusitamke kila herufi kama tunaita majina ya mahudhurio.

Kisha kuna kiimbo. Katika mfululizo wa -ka-, sauti haishuki mwisho wa kila kitenzi. Inabaki juu, imening'inia, ikimwambia msikilizaji bado. "Akashuka, akanywa, akaoga, akayatibua maji", zote ziko juu. Inashuka mara moja tu, kwenye "akaenda zake". Neno "zake" hapo halisemi mali ya mtu. Linafunga mlango. Wasimulizi wetu wana vifungio vya namna hiyo vingi: akaenda zake, wakalala, ikawa basi. Ukivijua, unajua pa kuvuta pumzi. Ukiweka nukta mahali pengine popote katika mlolongo ule, utamfanya msomaji ashushe sauti kabla ya wakati.

Na marudio. "Wakachimba, wakachimba, wakachimba, hata maji yakatoka." Katika usafi wangu niliandika "walichimba kwa muda mrefu". Nilidhani ni kitu kilekile. Bibi alipolisema neno lile mara ya kwanza alilitamka kawaida. La pili alilivuta kwenye -mba. La tatu alilivuta zaidi, na sauti ikawa nzito kama ya mtu aliyechoka. Wale wajukuu waliokuwa wameketi mkekani walichoka naye. Nilimwona mmoja akitikisa kichwa kwa kila jembe. "Kwa muda mrefu" inampa msikilizaji habari ya kazi ile. Marudio ya -ka- yanamkalisha pale shimoni. Kisha "hata" inakata kamba, na maji yanatoka kwa kitenzi kimoja kifupi. Atakayeandika hadithi kwa ajili ya watoto asione haya kuandika kitenzi kimoja mara tatu, mradi nyuma yake kuwe na "hata" au "mpaka" ya kumtoa.

Labda mtu atasema hayo ni ya mdomoni, kitabu kina heshima yake. Mmisionari Mwingereza Edward Steere alipochapisha mkusanyo wa hadithi za Unguja mwaka 1870, aliziacha na "akamwambia" na "akaenda" zake, na mpaka leo ukizisoma unamsikia mtu. Karatasi haikumzuia.

Turudi kwenye kipande chetu, maana kuna jambo nimelipita makusudi. Nimehesabu vitenzi vya -ka- humo: ni 24. Vya -li- ni viwili tu, na vyote ni vya Sungura, vimekaa pamoja: "Sungura alikataa. Alisema yeye umande unamtosha." Kwa nini? Bibi angeweza kabisa kusema "Sungura akakataa, akasema umande unamtosha", na sarufi isingelalamika. Nimeisikiliza sehemu hiyo mara nyingi. Sauti yake inashuka, ungo unatulia kidogo, anawatazama wajukuu, halafu anarudi kwa "wenzake wakachimba" na ungo unaanza tena.

Ninavyoielewa mimi, angesema "akakataa", kukataa kwa Sungura kungekuwa hatua nyingine katika msafara: walikubaliana, akakataa, wakachimba. Angekuwa ametembea pamoja nao. Kwa kusema "alikataa", amemtoa njiani akamweka kando. Amepigilia kigingi kingine, mbali na kile cha wanyama wenzake, na hakukifunga kamba. Msikilizaji anakiona kimesimama pale kitupu, anasubiri. Usiku ukiingia na Sungura akaja, ndipo kamba inapofungwa. -li- moja katikati ya -ka- nyingi ina nguvu hiyo. Mimi niliyeandika -li- kila mahali sikuwa nimeibakiza hata moja ya kufanyia kazi ile.

Kwa hiyo sisemi -ka- zijazwe mpaka pomoni. Hapa nije kwenye malalamiko yetu ya kila siku, maana nami nasahihisha madaftari. Mtoto anaandika: "Nikaamka nikanawa nikavaa nguo zangu zikawa nzuri nikawa na furaha nikaenda sokoni nikawa na mama nikanunua zabibu zikawa tamu nikarudi nikalala." Kalamu nyekundu inazipiga mstari zote, na pembeni inaandikwa "usirudie -ka-". Mtoto anatii, anaweka -li-, na insha inakuwa mbaya vilevile. Tumemwondolea kamba ilhali kosa liko kwenye alivyovifunga.

Ninatumia kipimo kimoja na wanafunzi wangu, nacho hakihitaji istilahi. Chukua vitenzi viwili vilivyofuatana, uvigeuze. Kisa kikiharibika, -ka- ilikuwa mahali pake. Kisipoharibika, haikustahili kuwapo. "Nikaamka nikanawa": geuza, "nikanawa nikaamka", kisa kimevunjika. Hizo ni hatua, ziachwe. "Zikawa nzuri nikawa na furaha": geuza, "nikawa na furaha zikawa nzuri", hakuna kilichotokea. Hizo ni hali, hazisogezi saa, na -ka- imezilazimisha kutembea wakati zinataka kukaa. Mtoto huyu anahitaji kufundishwa maneno ya kukaa: "nguo zilikuwa nzuri", "nikiwa na furaha", "mama akiwa pamoja nami". Akitenganisha hatua na hali, "aka" zake zitapungua zenyewe, na zitakazobaki zitakuwa hai: "Niliamka, nikanawa, nikavaa nguo zangu nzuri, nikaenda sokoni na mama. Zabibu zilikuwa tamu. Tukanunua, tukarudi, nikalala." Tazameni zabibu zile zilivyosimama kando kama Sungura aliyekataa.

Kuna mahali pengine ambapo kalamu yetu hukosea, na hapa ninazungumza hasa na mnaonakili rekodi. "Fisi alitoka akamwita Simba" na "Fisi alitoka akamwite Simba" si kitu kimoja. Katika ya kwanza Simba ameitwa. Katika ya pili Fisi ametoka kwa nia ya kwenda kumwita, na huenda hakufika. Irabu ya mwisho tu, -a au -e, na kwenye simu yenye upepo haisikiki vizuri. Ukikosea, umetimiza jambo ambalo msimulizi aliliacha bila kutimia. Njia ya kujua ni kusikiliza kinachofuata: kama Simba anajibu, ni -a, kama kuna kizuizi njiani, ni -e.

Nisikae sana kwenye suala la nani ametenda, ila nilitaje, maana huwasumbua waandishi. Kiswahili kina bahati ya ngeli. "Akavuta kamba, ikakatika, ndoo ikazama, maji yakatibuka, wakakimbia": watendaji ni watano, na "kamba" haikuhitaji hata kurudiwa, i- imetosha. Lakini katika hadithi za wanyama Sungura ni a-, Fisi ni a-, Simba ni a-, Kobe ni a-. "Akamwita, akamuuliza, akakataa, akampiga." Nani amempiga nani? Bibi hapati shida hiyo, kwa sababu ana sauti. Fisi alipoulizwa na Simba asubuhi yake, bibi aliacha vitenzi vya kusema kabisa:

"Simba akamwita Fisi. Umemwona nani? Sikumwona mtu. Na maji nani kayatibua? Hata sijui, mzee. Simba akanguruma, Fisi naye akajikunyata."

Sauti nene ya Simba, sauti ya puani ya Fisi, na msikilizaji anajua. Kwenye karatasi sauti hazipo, kwa hiyo taja jina kila anapobadilika mtendaji wa a-, au tumia "naye" kama alivyofanya mwishoni, maana "naye" inageuza uso wa msikilizaji kwa mtu wa pili bila kukata kamba. (Na ile "kayatibua" ya Simba isiwachanganye. Hiyo ni "ameyatibua" ya mazungumzo, kama tunavyosema "mama kaondoka". Ina mtu mmoja tu, yeye. Wao utasema "wameondoka". "Wakaondoka" ni ya mfululizo wetu.)

Sasa usiku wa tatu wa hadithi ya bibi, ambao ndio niliutaka kuwasomea tangu nianze. -ka- haina ukanushi wake. Huwezi kuikanusha kwa ha-. Wengi wetu tukifika kwenye kukanusha tunaiacha kamba na kurudi kwenye kigingi: "akaita, lakini hakuitikiwa". Si kosa, hata mimi husema hivyo. Lakini Kiswahili kina njia nyingine, ya -si- na irabu ya mwisho -e, inayokanusha bila kusimamisha mwendo. Sikuitazamia kuisikia kule. Kobe amejipaka ulimbo mgongoni, amezama kisimani, ametulia kama jiwe:

"Sungura akafika, akaita, asiitikiwe. Akaita tena, asiitikiwe. Akachungulia huku, asione mtu; akachungulia huku, asione mtu. Akacheka. Akashuka, akakanyaga jiwe. Jiwe likamshika. Akavuta mguu, usitoke. Akasukuma kwa mkono, mkono ukanasa. Akasukuma kwa mkono wa pili, nao ukanasa. Akauma kwa meno, meno yakanasa. Jiwe likaanza kutembea."

Katika usafi wangu niliandika "alivuta mguu lakini haukutoka". Angalieni nilichoharibu. "Haukutoka" inatoa taarifa ya mtu aliyesimama ukingoni mwa kisima, jambo likiwa limekwisha. "Akavuta mguu, usitoke" inatokea mle mle majini, mguu unavutwa na haukubali, na bado hatujui utakubali lini. Kukosa kutoka kumekuwa tendo, hatua kama hatua nyingine, na hatua inayofuata inazaliwa nako: kwa kuwa mguu hautoki, mkono unasukuma. Baada ya kuusikiliza usiku ule ndipo nilipofuta maandishi yangu yote nikaanza upya na rekodi.

Mwalimu mmoja aliyetoka Mpwapwa ameniuliza kabla hatujaingia ukumbini: nifanye nini na mtahini anayekata alama? Nilimjibu hivi. Insha ya hoja, barua rasmi, taarifa ya mkutano, hizo hazisimulii, na -ka- humo iwe chache. Hapo mtahini ana haki. Insha ya kusimulia iache iwe na -ka-, ila mfundishe mtoto aanze aya kwa -li- moja iliyopigiliwa vizuri na aifunge kwa kifungio. Mtahini akiona kigingi mwanzoni na mlango mwishoni, hatazihesabu za katikati.

Limebaki jambo la kutoka. Mfululizo ukishaingia, unatokaje? -ka- yenyewe haina mwisho. Kila moja inaita nyingine. Ndiyo maana hadithi nyingi hazimaliziwi kwa -ka-. Asubuhi wanyama walikuja, "wakamkuta amenasa". Simba akamshika mkia:

"Akamzungusha, akamzungusha, akamzungusha, hata mkia ukakatika. Sungura akaangukia majanini, akakimbia, akenda zake. Mpaka leo mkia wa sungura ni kipande tu."

Kamba imekwenda mpaka "akenda zake", imefungwa, na sentensi inayofuata haina -ka- wala -li-. Ina "ni". Kwa neno hilo moja bibi amewatoa wajukuu kisimani akawarudisha uani kwake, penye uwele na ungo, leo hii. Kwenye rekodi inasikika kimya kifupi, halafu mtoto mmoja anauliza kama sungura wa porini kwao naye mkia wake ni hivyo, na bibi anamjibu: "Nenda ukamtazame."